Kasi ya Kilele na Kasi ya Wastani: Vizidishi vya Kusahihisha Nishati Mwendo na Momenta katika Aota Iliyobanwa

Mpiga kasia anayepanda mto huambaa na ukingo, kwa sababu maji ya katikati hukimbia na yale ya kandoni husuasua. Damu ndani ya mshipa nayo haiendi kwa kasi moja: ile inayogusana na ukuta imesimama, na ile ya katikati, kwa kawaida, ndiyo yenye mbio kuliko yote. Hata hivyo, daktari anayepima mtiririko kwa mawimbi ya sauti, yaani kwa njia ya Dopla, mara nyingi huandika namba moja tu ya kasi, na kutokana na namba hiyo hukadiria tofauti ya shinikizo la damu kati ya pande mbili za sehemu iliyobanwa.

Makala haya yanachunguza ni lini namba moja inatosha na ni lini inapotosha. Mfano wetu ni mbano wa aota, yaani kasoro ya kuzaliwa nayo ambapo mshipa mkuu wa damu huwa mwembamba, aghalabu karibu na pale unapotoka mshipa wa mkono wa kushoto. Tofauti ya shinikizo ya angalau milimita 20 za zebaki, ikipimwa kwa katheta, ni mojawapo ya vigezo vinavyotumiwa kuamua kama mgonjwa apanuliwe mshipa kwa puto au afanyiwe upasuaji. Kwa hiyo kosa la hesabu hapa laweza kumpeleka mtoto kwenye tiba asiyoihitaji, au kumnyima ile anayoihitaji.

Kwa nini wastani wa kasi hautoshi

Tuukate mshipa kwa mawazo, kisha tuigawe duara tuliyoipata katika pete tano zenye eneo sawa, kuanzia katikati hadi ukutani. Tuchukue mtiririko tulivu katika mrija mrefu ulionyooka, ambao kasi yake hupungua kutoka katikati kwenda ukutani kwa umbo la parabola. Huu ndio mtiririko unaohusishwa na Poiseuille, tabibu wa Kifaransa wa karne ya 19 aliyepima mwendo wa vimiminika katika mirija myembamba ya kioo. Ikiwa kasi ya kilele katikati kabisa ni mita 2 kwa sekunde, basi kasi katika pete zetu tano ni takriban 1.8, 1.4, 1.0, 0.6 na 0.2. Jumla yake ni 5.0, na wastani ni mita 1 kwa sekunde. Katika umbo la parabola, wastani siku zote ni nusu ya kilele.

Sasa tuulize: damu inayopita katika duara hiyo inabeba nishati mwendo kiasi gani kila sekunde? Kila mita ya ujazo ya damu inayokwenda kwa kasi v ina nishati mwendo ya ½ρv², ambapo ρ ni densiti ya damu, yaani takriban kilo 1060 kwa mita ya ujazo. Lakini pete yenye kasi kubwa hupitisha pia damu nyingi zaidi katika sekunde hiyohiyo, na wingi huo unalingana na v. Kwa hiyo nishati inayopita katika kila pete inalingana na v mara v², yaani v³.

Tukizipandisha kasi zetu tano kwenye kipeo cha tatu, tunapata 5.83, 2.74, 1.00, 0.22 na 0.01. Wastani wake ni 1.96. Lau tungetumia kasi ya wastani peke yake, tungepata 1³, ambayo ni 1. Tungekuwa tumepoteza karibu nusu ya nishati mwendo iliyomo, si kwa sababu kipimo kilikuwa kibovu, bali kwa sababu wastani wa vipeo vya tatu si sawa na kipeo cha tatu cha wastani. Pete ya katikati, ambayo ni moja tu kati ya tano, inabeba zaidi ya nusu ya nishati yote.

Uwiano huo ndio huitwa kizidishi cha kusahihisha nishati mwendo, na alama yake ni α. Pia hujulikana kwa jina la Coriolis, mwanahisabati Mfaransa. Kwa pete tano tulipata 1.96, tukiongeza idadi ya pete bila kikomo, jibu kamili kwa parabola ni 2.

Momenta hufuata njia hiyohiyo kwa hatua moja pungufu. Kila mita ya ujazo ina momenta ya ρv, na wingi unaopita unalingana na v, kwa hiyo kinachohesabiwa ni v². Vipeo vya pili vya kasi zetu ni 3.24, 1.96, 1.00, 0.36 na 0.04, na wastani wake ni 1.32. Hicho ni kizidishi cha kusahihisha momenta, chenye alama ya β, ambacho hupewa jina la Boussinesq. Jibu kamili kwa parabola ni 4/3.

Mtiririko ambao kasi yake ni ileile kila mahali isipokuwa utando mwembamba sana kando ya ukuta huitwa mtiririko bapa, na vizidishi vyake vyote viwili hukaribia 1. Msomaji ataona kwamba ziada ya α juu ya 1 ni kama mara tatu ya ziada ya β: katika pete zetu, 0.96 dhidi ya 0.32. Uhusiano huo ni sahihi pale kasi zinapopungua na kuzidi wastani kwa ulinganifu, kama ilivyo katika parabola, na ni makisio mazuri pale tofauti za kasi zinapokuwa ndogo. Hesabu ya nishati, basi, huumizwa na umbo la kasi mara tatu zaidi kuliko hesabu ya nguvu.

Kanuni ya Bernoulli ndani ya mshipa

Kanuni ya Bernoulli husema kwamba, ukifuata uzi mmoja wa mtiririko usiopoteza nishati, shinikizo hushuka kwa kiasi kilekile ambacho nishati mwendo hupanda. Ukichukua densiti ya damu na kubadili vipimo kuwa milimita za zebaki, nusu ya densiti hugeuka kuwa takriban 4. Hapo ndipo ilipotoka fomula mashuhuri ya vyumba vya kupimia moyo:

ΔP = 4(v₂² − v₁²)

Hapa v₁ ni kasi kabla ya mbano na v₂ ni kasi ndani ya mbano, zote kwa mita kwa sekunde. Kwa kuwa v₁ mara nyingi ni ndogo, wapimaji wengi huiacha na kuandika 4v₂² pekee. Liv Hatle na wenzake wa Norway waliitumia njia hii kwa wagonjwa wenye vali ya mitro iliyobanwa katika miaka ya 1970, na tangu hapo imeenea dunia nzima.

Jambo la kushika ni kwamba fomula hii inahusu uzi mmoja. Inasema kweli kuhusu chembe za damu zilizo katikati, mradi v₁ na v₂ zote ni za uzi huohuo wa katikati. Ukitaka kuuzungumzia mtiririko mzima kwa kutumia kasi za wastani, V₁ na V₂, fomula inayofaa ni nyingine:

ΔP = 4(α₂V₂² − α₁V₁²)

Fomula zote mbili ni sahihi, na zinapaswa kutoa jibu moja. Tatizo huanza pale mtu anapoanza na moja na kumalizia na nyingine.

Mfano: mbano wa wastani katika aota

Tuchukue mtoto wa kufikirika ambaye upinde wa aota yake ni mwembamba kidogo, hivyo kwamba kasi ya kilele kabla ya mbano imefikia mita 2 kwa sekunde. Dopla katika shingo ya mbano inaonyesha kilele cha mita 3 kwa sekunde. Ili tuone athari ya umbo la kasi kwa ukubwa wake, tuchukulie kwamba kabla ya mbano umbo hilo ni parabola. Kasi ya wastani hapo ni mita 1 kwa sekunde, na α₁ ni 2.

Nini hutokea damu inapoingia katika shingo? Shinikizo hushuka kwa kiasi kimoja kwa nyuzi zote, za katikati na za kandoni, kwa hiyo kila uzi huongezewa nishati mwendo ileile. Uzi wa katikati umetoka kwenye 2² na kufika 3², yaani kutoka 4 hadi 9. Nyongeza ni 5. Uzi wa kandoni kabisa, ambao ulianza karibu na sifuri, nao hupata 5 hiyohiyo, na kasi yake huwa kipeuo cha pili cha 5, yaani mita 2.24 kwa sekunde.

Tazama kilichotokea. Kabla ya mbano, kasi zilitawanyika kutoka sifuri hadi 2. Ndani ya shingo zinatoka 2.24 hadi 3 tu. Mbano wenyewe umelibapaza umbo la kasi. Ukihesabu pete kwa pete, wastani katika shingo ni mita 2.62 kwa sekunde na α₂ ni 1.02. Ndiyo sababu fomula ya madaktari hufanya kazi vizuri katika vali zilizobanwa sana: ndani ya mbano mkali, kilele na wastani hukaribiana, na α hukaribia 1 bila mtu yeyote kuisahihisha.

Sasa tukokotoe tofauti ya shinikizo kwa njia tano ambazo mpimaji angeweza kuzifuata.

Kwanza, akitumia kilele cha shingo pekee, atapata 4 × 3², yaani milimita 36 za zebaki.

Pili, akitumia vilele vyote viwili, atapata 4 × (9 − 4), yaani 20.

Tatu, akitumia wastani pande zote mbili na kuisahau α, atapata 4 × (6.85 − 1), yaani takriban 23.

Nne, akichukua kilele cha shingo kutoka kwenye Dopla na wastani wa kabla ya mbano kutoka kwenye picha za sumaku, ambazo hutoa wingi wa mtiririko na eneo la mshipa, atapata 4 × (9 − 1), yaani 32.

Tano, akitumia wastani pamoja na vizidishi vyake, atapata 4 × (1.02 × 6.85 − 2 × 1). Hiyo ni 4 × (7 − 2), yaani 20.

Njia ya pili na ya tano zimekutana, kama inavyopasa. Njia ya tatu imekosea kidogo. Ya kwanza imekosea sana kwa sababu imeiacha v₁ mahali ambapo haiachiki. Miongozo ya vipimo vya moyo hukumbusha kuiingiza v₁ inapozidi mita 1.5 kwa sekunde. Lakini njia inayostahili tahadhari kubwa zaidi ni ya nne, kwa sababu inaonekana ya kitaalamu: mpimaji hakuacha kitu, ametumia mashine mbili nzuri, na kila namba aliyoandika ni ya kweli. Kosa lake ni kutoa wastani kutoka kwenye kilele, yaani kulinganisha mtiririko mzima na uzi mmoja. Kosa hilo limempatia milimita 12 za zebaki ambazo hazimo mwilini mwa mtoto.

Baada ya mbano: mahali pa momenta

Milimita 20 tulizozipata ni tofauti kati ya aota ya juu na shingo yenyewe. Katheta, hata hivyo, kwa kawaida haipimi ndani ya shingo bali mbele yake, mahali ambapo mshipa umerudia upana wake. Kati ya sehemu hizo mbili mkondo mwembamba hugongana na damu iliyotulia pembeni, hutengeneza vizingia, na nishati nyingi hupotea kuwa joto. Kanuni ya Bernoulli haitufai tena hapa, kwa kuwa haijui ni kiasi gani kimepotea. Momenta inatufaa, kwa sababu vizingia vinaweza kula nishati lakini haviwezi kula momenta ya mtiririko mzima. Hiyo hubadilishwa tu na nguvu za nje, ambazo hapa ni shinikizo na, kwa kiasi kidogo, msuguano wa ukuta.

Tukichukulia kwamba mshipa mbele ya mbano una upana uleule wa awali, V₃ ni mita 1 kwa sekunde, na shinikizo linalorejea ni:

P₃ − P₂ = ρV₃(β₂V₂ − β₃V₃)

Katika shingo β₂ ni 1.01, na β₂V₂ ni takriban 2.64. Ikiwa vizingia vimekwisha kuichanganya damu hadi ikawa bapa, β₃ ni 1, na shinikizo linalorejea ni takriban milimita 13 za zebaki. Ikiwa umbo la mbele ni parabola, β₃ ni 4/3, na kinachorejea ni takriban 10. Kwa hiyo tofauti halisi ambayo katheta ingeona kati ya juu na chini ni milimita 7 hadi 10 za zebaki, na si 20.

Hapa msomaji anaona kwa nini Dopla na katheta hutofautiana hata pale wapimaji wote wawili wanapofanya kazi yao sawasawa. Kila kimoja kimejibu swali lake. Dopla imejibu shinikizo limeshuka kiasi gani hadi shingoni, na katheta imejibu ni kiasi gani hakikurejea. Mzigo ambao moyo unaubeba unahusiana zaidi na jibu la pili. Mtoto wetu, aliyeandikiwa 36 kwa njia ya kwanza, yumo chini ya kiwango cha 20 kwa kigezo cha katheta.

Namna ya kutambua umbo la kasi, na mipaka ya hesabu

Mpimaji anaweza kulijua umbo la kasi kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuitazama picha ya Dopla ya mapigo, ile inayopima sehemu moja ndogo. Mtiririko ukiwa bapa, chembe karibu zote zina kasi moja, na mchoro huwa mstari mwembamba wenye uwazi mweusi chini yake. Uwazi huo ukijaa wakati mashine imewekwa sawasawa, kasi zimetawanyika, na α imepanda. Ya pili ni kukisogeza kidirisha cha kupimia kutoka katikati kuelekea ukutani kidogo kidogo: kasi ikibaki ileile karibu hadi ukingoni, umbo ni bapa, ikishuka tangu mwanzo, si bapa. Ya tatu ni kugawanya kasi ya kilele kwa kasi ya wastani. Jibu likiwa karibu na 1, vizidishi vinaweza kuachwa. Likikaribia 2, haviachiki.

Pale picha za sumaku zinapopatikana, hakuna haja ya kukisia. Kila nukta ya picha ina kasi yake, na α ni wastani wa vipeo vya tatu vya kasi hizo ukigawanywa kwa kipeo cha tatu cha wastani wao, kama tulivyofanya kwa pete tano.

Tahadhari mbili zinafaa kutajwa. Kwanza, parabola tuliyoitumia kabla ya mbano ni hali ya ukomo. Katika aota halisi ya mtu mzima, damu iliyotoka moyoni sasa hivi haijapata umbali wa kutosha kuwa parabola, na umbo lake kwenye kilele cha pigo huwa karibu na bapa, ingawa katika upinde huegemea upande mmoja. Mtiririko ukiwa bapa, njia ya nne haina kosa kubwa. Mpimaji, hata hivyo, hawezi kujua yuko wapi kati ya hali hizo mbili bila kupima. Jambo la kutia moyo ni kwamba njia ya pili, ya vilele viwili vya uzi mmoja, hutoa 20 katika hali zote mbili. Pili, hesabu zetu ni za mtiririko usiobadilika kwa muda. Zinafaa pale kasi inapofikia kilele, kwa kuwa wakati huo haipandi wala kushuka, lakini hazifai mwanzoni mwa pigo, wakati sehemu ya shinikizo inatumika kuiharakisha damu. Katika mbano mrefu wenye umbo la mrija, msuguano wa ukuta nao huongeza upotevu ambao fomula hizi hazikuuhesabu.

Aidha, namba 2 na 4/3 ni za parabola pekee. Mahali ambapo sehemu ya damu inarudi nyuma, kama mbele tu ya shingo, α inaweza kuzidi 2 kwa mbali. Pete zenye kasi za 2.6, 2.0, 1.0, 0 na −0.6 zina wastani wa 1 kama zile za mwanzo, lakini α yake ni 5.3 na β ni 2.4. Ndiyo sababu mpimaji anashauriwa kuchagua kituo cha tatu mbali kidogo na mbano, pale vizingia vilipokwisha kutulia.

Zoezi

Kasi katika pete tano zenye eneo sawa ni mita 1.20, 1.10, 1.05, 1.00 na 0.65 kwa sekunde. Tafuta α na β, kisha ueleze kama daktari anaweza kutumia kasi ya wastani bila kusahihisha.

Jibu: Wastani ni mita 1 kwa sekunde. Wastani wa vipeo vya tatu ni 1.10, nao ndio α. Wastani wa vipeo vya pili ni 1.035, nao ndio β. Ziada ya α ni karibu mara tatu ya ziada ya β, kama tulivyotarajia. Katika mtiririko huu, kuiacha α kutapunguza nishati mwendo kwa takriban sehemu moja kati ya kumi na moja. Kabla ya mbano, ambako nishati mwendo yenyewe ni ndogo, hilo ni chini ya nusu milimita ya zebaki, na linaweza kuvumilika. Lakini hata hapa daktari asitoe wastani huo kutoka kwenye kilele cha shingo: kilele na kilele, au wastani na wastani pamoja na vizidishi vyake.